Kupeana zamu kwa SBAR: vipi wagonjwa walio hatarini watangulie?

MuuguziKadutu (Bukavu)
Jamboni ndugu zangu. Niko wodi ya akina mama waliojifungua, vitanda 18. Asubuhi saa moja na nusu, wenzetu wa usiku wanatusomea daftari kuanzia kitanda cha 1 hadi cha mwisho. Juzi kitanda cha 14 kilifikiwa baada ya karibu nusu saa, na habari yake ilisomwa hivi: "Aliingia kwa uchungu, mimba ya nne, alifanyiwa sezarieni jana jioni, serumu imeisha, usiku alilalamikia tumbo…" Mapigo ya 128 yalitajwa mwisho kabisa. Alirudishwa chumba cha upasuaji akiwa anavuja damu ndani. Amepona, Mungu ashukuriwe. Sasa mkuu wa wodi ameniomba nitengeneze fishi ya SBAR: S ni hali ya sasa, B historia, A tathmini, R pendekezo. Nimechora visanduku vinne kwa kila kitanda. Je, inatosha?

KakaKatuba (Lubumbashi)
SBAR ni ya kumpigia daktari simu, si ya kupeana zamu. Wagonjwa 18 kwa visanduku vinne, mtamaliza saa ngapi? Bakini na daftari.

Yaya_Himbi (Goma)
Kaka yuko sawa nusu. Kumwita daktari ndiko inakotumika sana, lakini hata kwa zamu inafaa. Ila dada, visanduku vyako peke yake havitamsaidia mama wa kitanda cha 14. SBAR inapanga maneno kuhusu mgonjwa mmoja. Haisemi nani aanze. Ukisoma SBAR kwa namba za vitanda, bado atafikiwa wa kumi na nne.

Kwa hiyo, kabla ya saa moja, muuguzi wa usiku apite na kalamu ajiulize: nani amebadilika usiku huu? Nani ana jambo lenye saa yake? Mwenye eklampsia anayesubiri sindano ya magnesiamu saa mbili anatangulia hata kama amelala vizuri, maana kabla ya kumchoma lazima upime pumzi, rifleksi na mkojo. Hao waandikwe juu ya fishi. Kwetu huwa wawili au watatu. Wakifika wanane, ujue mtu ameandika kila anayemtia wasiwasi, na mpangilio umepotea tena.

Kitanda cha 14 ningekisema hivi:

S: "Kitanda cha 14, sezarieni ya jana jioni. Mapigo yamepanda toka 92 hadi 128, tansio 90/60. Nahofia anavuja damu ndani."
B: "Mimba ya nne. Hemoglobini kabla ya upasuaji ilikuwa 10. Serumu ya mwisho iliisha saa kumi alfajiri."
A: "Mkojo kwenye sonda ni mililita 40 kwa saa nne. Tumbo limevimba na ni gumu. Bandeji kavu, pedi haijalowa sana."
R: "Daktari aje sasa. Mshipa wa pili kwa kanula kubwa, hemoglobini na kundi la damu, vipimo kila dakika 15. Nani anakichukua?"

Angalia S: namba na hofu, historia inakuja nyuma. Mapigo yakipita tansio ya juu, usisubiri kingine. Na bandeji kavu isikutulize, damu ya ndani haionekani nje. Anayepokea arudie R kwa mdomo wake, ndipo utajua amesikia.

Mama_Uvira
Kwetu shida ni wenzetu wa asubuhi kufika saa mbili na nusu, wa usiku ameshachoka anasema "wote wazima" na kwenda. Fishi itamsaidia nini?

Yaya_Himbi (Goma)
Pole mama. Hilo fishi haitaliponya, ni la mkuu wa wodi. Ila "wote wazima" haiwezi kuandikwa kwenye kisanduku cha A bila tansio na mapigo.

Nisisahau jambo moja, MuuguziKadutu: mama yule hakupaswa kungoja zamu. Mapigo yalipoanza kupanda alfajiri, SBAR ile ile ilikuwa ya kumwambia daktari wa zamu palepale.

KakaKatuba (Lubumbashi)
Hapo nakubali. Na wale 15 waliotulia?

Yaya_Himbi (Goma)
Sentensi moja kila mmoja, kando ya kitanda: yuko siku ya ngapi, dawa ijayo saa ngapi, kilichobaki kufanywa.

MuuguziKadutu (Bukavu)
Asante sana yaya, nafuta visanduku 18, naweka sehemu ya juu ya watatu. Limebaki moja: muuguzi kijana amwambie mzee wa kazi "daktari aje sasa" mbele ya wote? Wengine hapa wanaona ni kukosa adabu.

KakaKatuba (Lubumbashi)
Aseme "naomba daktari aje sasa."

Mama_Uvira
Kwetu hata hilo "naomba" lingeleta maneno. Aanze kumwambia mkuu wa wodi pembeni.

Yaya_Himbi (Goma)
Pembeni hapana, mama. Mapigo 128 yasemwe mbele ya wote.