Naomba ushauri: ni 3 au 8 kwenye picha hii ndogo?

Wadau, nachapa hati River Road, Nairobi. Mama mmoja ameniletea picha ya risiti ya ploti ya marehemu mumewe nimchapie. Karatasi ilishapotea, na picha ina upana wa pikseli 160 tu.

Kichwa kinasomeka. Kiasi cha pesa kimefifia, ila kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa hiyo kimoja kimenithibitishia kingine. Kasheshe ni nambari ya ploti: haijarudiwa popote, na tarakimu zake zina urefu wa pikseli 5. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, hivyo tarakimu nzima yaweza kumezwa na kipande kimoja. Nilipoikuza kwa programu ya kunoa picha, ya mwisho ikatoka 8 safi kabisa. Nikapunguza ukingo kidogo, nikarudia, ikatoka 3! Yaani inabuni tu.

Nimeandika “41[haisomeki, 3 au 8]”. Mama anasisitiza niweke 8, ndiyo anayoikumbuka. Je, kumbukumbu yake niiweke kama tanbihi, au niiache kabisa? Simu iliyopiga picha ya kwanza iko kwa shemeji yake, Kayole. Nisubiri hiyo kwanza?