Mvumo wa friji kwenye mahojiano: nichuje vipi kabla sijampa mnukuzi?

MwanaVikoba
Wakuu, habari za jioni. Nafanya utafiti mdogo kuhusu vikoba. Wiki iliyopita nilimhoji mama mmoja dukani kwake Manzese, anauza soda na maji ya jumla. Dakika 47. Simu niliiweka mezani, na nyuma yake kulikuwa na friji kubwa la vinywaji linaunguruma mwanzo hadi mwisho, juu feni inazunguka. Kuizima niliona aibu, joto la siku ile mnalijua.

Sasa nataka kumpelekea mnukuzi. Nimeona njia tatu kwenye Audacity na sijui nishike ipi: `High-Pass Filter`, `Notch Filter` na `Noise Reduction`. Hii ya mwisho nimeijaribu, mvumo umeisha kabisa, ila mama wa watu anasikika kama anaongea ndani ya pipa la maji. Na dakika ya 31 umeme ulikatika, jirani akawasha jenereta. Naombeni ushauri.

Kijana_wa_Tandika
Mbona rahisi mkuu. Umeme wetu ni hezi 50. Weka `Notch Filter` kwenye 50 umemaliza kazi. Ikibaki kidogo, piga `Noise Reduction` 24 halafu rudia mara ya pili. Mimi video zangu zote nafanya hivyo.

MC_Mbagala
Hata mimi spika zangu zinavuma mmmmm ukumbini nikichomeka laptopu kwenye mikisa. Nikitumia `Notch Filter` itaisha?

FundiMawimbi
MC, lako ni jingine, hilo halichujwi, linatibiwa kwenye waya. Chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mvumo ukikatika papo hapo, ujue unaingilia kwenye chaja. Turudi kwa mwenye mada.

Kijana wa Tandika, hezi 50 ni kweli, lakini hapo haitasaidia. Mvumo wa 50 unaingia zaidi kwa njia ya nyaya, kama kwa MC. Simu ya MwanaVikoba ilikuwa kwenye betri, haikuchomekwa popote, kwa hiyo alichorekodi ni sauti ya hewani, friji lenyewe linavyotetemeka. Sumaku ya mota huvuta mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa umeme, ndiyo maana friji huimba kwenye 100, halafu 200, 300 na kuendelea. Ukikata 50 utakuwa umekata mahali pasipo na kitu.

MwanaVikoba, kabla hujagusa chochote tafuta sekunde tatu ambazo hakuna anayeongea. Zichague, nenda `Analyze`, `Plot Spectrum`, na pale kwenye `Size` weka 16384, vinginevyo vilele vitakuwa vinene na hutavisoma vizuri. Tuambie vilele viko wapi.

MwanaVikoba
Nimefanya. Kirefu kuliko vyote kinaandika 99, cha pili 199, cha tatu 298. Kwingine kote ni kama nyasi tu, hakuna kilele.

FundiMawimbi
Safi. Vilele vitatu ni friji. Hizo nyasi ni feni. Ni kelele mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti, watu wengi hukosea hapo.

`High-Pass Filter` weka 80, `Roll-off` 24. Hiyo itaondoa ngurumo za bodaboda na meza kugongwa, friji hutaliondoa kwa hiyo. Ukiipandisha hadi 320 ili ulikamate friji lote, utapata sauti ya simu ya mezani. Maneno bado yataeleweka, maana simu zile zilikata kila kitu chini ya 300 na watu wakaelewana miaka yote. Lakini mtu wa kumsikiliza dakika 47 hivyo atachoka masikio.

Friji lenyewe liondoe kwa `Notch Filter` mara tatu: 99, 199, 298, `Q` 30. Tumia namba ulizozisoma wewe, usiweke 100, 200, 300 kwa kukariri. Umeme wa gridi huyumba kidogo chini au juu ya 50, na ukiyumba kidogo pale chini, kwenye 300 unakuwa umeyumba mara sita ya hapo. Shimo jembamba ukilichimba pembeni ya kilele, mvumo unapita kama kawaida. Sauti ya mama haitaumia, kwa sababu mtu akiongea sauti yake inapanda na kushuka, haikai kwenye namba moja hata nusu sekunde. Friji ndilo linakaa.

Feni sasa. Hapo ndipo `Noise Reduction` inahitajika, na hapo ndipo ulipomzamisha mama kwenye pipa. Uliweka ngapi?

MwanaVikoba
24, na `Sensitivity` 12. Niliona bora kelele ziishe zote.

BintiMnukuzi
Samahanini naingilia, mimi hii ndiyo kazi yangu, nanukuu mahojiano ya Kiswahili mwaka wa sita huu. Faili za namna hiyo huwa nazirudisha kwa mwenyewe na kumwomba ile asili.

Mvumo wa friji masikio yangu yanauzoea baada ya dakika mbili. Kinachonikosesha usingizi ni herufi h. Kwetu h ikipotea, maana inageuka juu chini. "Atalipa" na "hatalipa", tofauti ni kapumzi kadogo tu mwanzoni. Programu ya kupunguza kelele inakaona kama upepo wa feni, inakafuta. Umebaki na "atalipa" safi kabisa, haina hata chembe ya kelele, na ni uongo. Na kwenye mahojiano ya vikoba, dada, nani atalipa na nani hatalipa si ndiyo utafiti wenyewe?

MwanaVikoba
Mimi ni kaka, ila usijali 😀 Umenishtua. Nimerudi dakika ya 12, anamzungumzia mwenzao aliyehamia Mbeya. Kwenye faili niliyoisafisha nasikia "huyo atalipa mkopo wa kikundi". Kwenye asili nimesikiliza mara nne, ni "hatalipa". Na sentensi inayofuata anasema ikabidi wagawane deni wenyewe.

Kijana_wa_Tandika
Duh. Basi mimi huwa naweka muziki chini ndiyo maana sijawahi kuona.

Mzee_wa_Studio
Nimesoma. Mtu akifuta kelele mpaka kimya, kila kilicho dhaifu kinakwenda nayo. S na sh zinapona kidogo kwa kuwa zina nguvu kule juu, h haina nguvu popote.

FundiMawimbi
Shikamoo mzee. Na dada Mnukuzi ametoa mfano ambao sikuwa nao, mimi nilikuwa nafikiria s na sh tu.

Fanya hivi MwanaVikoba. Anza upya kutoka faili asili, ile iliyoharibika usijaribu kuirekebisha, kilichofutwa hakirudi. Piga vile vitatu kwanza. Halafu ndipo uchague sekunde mbili tatu za feni peke yake, bila hata kuvuta pumzi, bonyeza `Get Noise Profile`. Ukichukua sampuli kabla ya kuondoa friji, utakuwa umeifundisha kelele ambayo haipo tena. Kisha chagua kipande chako chote, `Noise reduction` weka 6, `Sensitivity` 4, `Frequency smoothing` 3. Kelele itabaki. Iache ibaki.

Kabla ya kukubali, badilisha kutoka `Reduce` kwenda `Residue`, ubonyeze `Preview`. Hapo unasikiliza kile kinachotupwa. Ikiwa ni shhhh ya feni peke yake, endelea. Ukisikia minong'ono, kama mtu anaongea chumba cha pili, hayo ni maneno ya mama yanakwenda jalalani. Shusha `Sensitivity` mpaka minong'ono ipotee.

BintiMnukuzi
Nakubaliana nawe mpaka kwenye vile vilele vitatu. Hiyo ya feni mimi ningeiacha kabisa, hata kwa 6. Ukipunguza, nami nikiongeza sauti kusikia neno gumu, yale mabaki yanakuwa kama ndege wanalia kwa mbali, yananivuruga kuliko feni.

FundiMawimbi
Kwa 6 ndege hawalii, dada.

BintiMnukuzi
Kwa hedifoni zangu wanalia.

Mzee_wa_Studio
Marahaba Fundi. Kila mtu na masikio yake. Mtumie zote mbili, zenye urefu uleule mpaka sekunde ya mwisho. Usikate kimya chochote, maana akikuandikia "dakika 12 na sekunde 40 haisikiki" lazima uikute mahali hapohapo kwenye asili.

BintiMnukuzi
Asante mzee, hilo ndilo naombaga kila siku. Na usinitumie kama ujumbe wa sauti wa Wasapu, unabanwa upya. Ambatisha kama dokumenti.

Mwl_Kigamboni
Kwa wenye faili nyingi, mimi nilikuwa na mahojiano 14 ya ofisi moja, kiyoyozi kilekile. Kuyafungua moja moja ningezeeka. Nilisoma vilele kwenye moja, mengine nikayapitisha kwa amri hii, nabadilisha jina la faili tu:

```
ffmpeg -i asili.m4a -af "highpass=f=80,bandreject=f=99:width_type=h:w=4,bandreject=f=199:width_type=h:w=7,bandreject=f=298:width_type=h:w=10" safi.wav
```

Namba za hapo nimeweka za MwanaVikoba. Asili haiguswi, na inatoka WAV, kwa hiyo haibanwi mara ya pili. Siku nyingine kilele kinaweza kuhama kwa hezi moja, ndiyo maana hapo chini sikubana sana mashimo.

MwanaVikoba
Nimerudi. Dakika 0 hadi 31: vilele vitatu, mvumo umekwisha, feni ipo. "Hatalipa" ya dakika ya 12 inasikika na h yake. `Noise Reduction` ya 6 nimeijaribu pembeni, `Residue` ikawa feni tupu kwa `Sensitivity` 3, kwa 4 nilisikia kama minong'ono. Hivyo nitamtumia asili na hii ya vilele vitatu tu, namfuata mnukuzi.

Ila baada ya dakika 31 mambo hayajakaa. Friji na feni zilizima, kuna jenereta la jirani. Kilele nikisoma mwanzoni kiko 52, dakika mbili mbele kiko 48, halafu kinarudi.

FundiMawimbi
Jirani alikuwa anawasha na kuzima vitu. Jenereta dogo likipata mzigo linazubaa, mzigo ukitoka linakimbia, na mvumo unafuata. Mashimo membamba hayawezi kumfukuza. Ukiwa na moyo, kata vipande kila anapobadilika, usome upya kila kimoja. Kwa dakika 16 ni kazi ya nusu siku. Mimi ningejaribu `High-Pass Filter` 120 kwenye sehemu hiyo peke yake, sauti ya mama kwa kawaida iko juu ya hapo.

Mzee_wa_Studio
Jenereta lina milio mingine hadi kule juu, 120 haitakutosheleza. Jaribu uone.

BintiMnukuzi
Hiyo sehemu nitumie ilivyo. Nitaandika muda wa kila neno nisilolipata, wewe utampigia mama umuulize.

MC_Mbagala
Wakuu nimechomoa chaja, umekatika kweli! Sasa betri yangu inakaa dakika 40 na harusi ni masaa sita.