Uzi: Ripoti za MOH 505 zinafika 97%, je, mfumo wetu unawanasa wagonjwa wa ukambi?

Nyar_Nyakach:
Habari zenu. Tunatathmini ufuatiliaji wa ukambi katika kaunti ndogo moja ya Kisumu, miezi 12, vituo 12. Orodha ya ufuatiliaji ina washukiwa 24 kutoka vituo hivyo. Tulipopekua rejista za wagonjwa wa nje na waliolazwa, MOH 204A, 204B na 301, tukapata 40 wanaolingana na maelezo ya mshukiwa: homa pamoja na vipele. Kumi na sita wamo kote kuwili. Ripoti za kila wiki za MOH 505 zinafika kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, kwa 97%. Niandikeje kuhusu unyeti na uharaka?

Karani_wa_Takwimu:
97% ni nzuri sana, dada. Andika kwamba unyeti uko juu na ripoti zinafika kwa wakati. Washukiwa wachache maana yake chanjo inafanya kazi.

Mlima_Elgon:
Ndugu Karani, kuhusu ripoti kufika uko sawa, lakini hiyo 97% inahesabu fomu tu. Kituo kikituma sifuri kila Jumatatu kinapata alama kamili, hata kama mtoto mwenye ukambi alipita mlangoni. Wachache kwenye orodha wanaweza kutokana na chanjo au na kutoripoti, na fomu haiwezi kukuambia ni lipi.

Dada, unganisha orodha zako mbili kwanza. Watu tofauti ni 24 + 40 − 16 = 48, kwa hiyo mfumo umenasa nusu ya wanaojulikana. Kisha kadiria jumla, N, pamoja na wale ambao orodha zote mbili zimewakosa; n1 ni orodha ya ufuatiliaji, n2 ni rejista, m ni waliomo kote kuwili:

```
N = ((n1 + 1) × (n2 + 1) / (m + 1)) − 1
N = (25 × 41 / 17) − 1 = 59.3
```

24 kwa 59 ni kama 41%. Lakini usiichukulie kama kipimo kamili. Hesabu hii inadai orodha ziwe huru, na ofisa wenu wa ufuatiliaji bila shaka huokota wagonjwa kutoka rejista zilezile. Hapo wanaolingana huwa wengi kupita kiasi, N inashuka, na unyeti unaonekana mzuri kuliko ulivyo. Kosa la kulinganisha majina huvuta upande wa pili: Achieng' wa rejista akiandikwa kwa jina la kanisani kwenye orodha, m inapungua na N inapaa. Linganisheni kwa umri, kijiji na tarehe ya kuja kituoni, watu wawili kila mmoja peke yake, halafu wakae pamoja wajadili wasipokubaliana.

Maabara_Nakuru:
Unyeti si wa kipimo cha damu cha IgM kinachothibitisha ukambi? Kwetu damu ikichukuliwa siku mbili tatu za mwanzo wa vipele majibu wakati mwingine hutoka hasi, kumbe mtoto ana ukambi.

Mlima_Elgon:
Huo ni unyeti wa kipimo, hapa tunauliza wa mfumo. Ila hoja yako inagusa tathmini: ukihesabu waliothibitishwa tu, hao hasi wa mapema wanapotea, ndiyo maana nimetumia washukiwa.

Kuhusu uharaka, dada, acha tarehe ya fomu. Chukua tarehe za kila mgonjwa: vipele kuanza, kuja kituoni, damu kuchukuliwa, sampuli kupokelewa, majibu kurudi. Toa namba ya katikati kwa kila hatua, si jumla peke yake.

Nyar_Nyakach:
Wenye tarehe zote ni 18. Vipele hadi kituo siku 5, kituo hadi damu 0, damu hadi maabara 11.

Mlima_Elgon:
Basi kazi iko kwenye usafiri. Ulizeni kama sampuli husubiri ziwe kadhaa ndipo gari litoke. Hiyo 0 pia ikague: karani akijaza tarehe zote siku moja, kila kitu kinaonekana cha papo hapo. Na wale 6 wasio na tarehe waripotiwe, kwa sababu huenda ndio waliochelewa zaidi.

Kwa uwakilishi, panga 48 wako kwa wadi na kwa aina ya kituo. Kama kliniki za kibinafsi zimetoa wagonjwa kwenye rejista lakini hakuna hata mmoja kwenye orodha, umepata pengo lenye jina. Manufaa yatafute kwenye kumbukumbu za mikutano: ni uamuzi gani ulifanywa, tarehe gani, kwa sababu ya data hii? Usiwaulize wahusika kama mfumo unafaa, watakubali.

Mama_Kondele:
Na wanaopelekwa duka la dawa tu? Hawamo kwenye rejista wala orodha.

Mlima_Elgon:
Hawamo, na hesabu yangu haiwafikii. Wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kuuliza nyumba kwa nyumba kuhusu homa na vipele, lakini mama akikumbuka vipele vya miezi minane iliyopita sijui tumwamini kiasi gani.

Karani_wa_Takwimu:
Mimi naona mngeuliza miezi mitatu tu ya nyuma.

Nyar_Nyakach:
Miezi mitatu itatupa wagonjwa wangapi, wawili? Naanza na kliniki za kibinafsi wiki hii.