Mrejesho: faili lililobaki baada ya kufuta historia

Swali langu lilikuwa: "Nimefuta historia ya Chrome kwenye kompyuta ya steshenari, kwa nini mteja aliyefuata aliikuta taarifa yangu ya benki?"

Nawashukuru mlionijibu. Jana nilirudi pale nikathibitisha kwamba Ctrl+Shift+Delete, hata ukiweka alama kwenye "Download history", hufuta orodha tu, ilhali faili lenyewe hubaki kwenye folda ya Downloads. Dirisha la "Incognito" nalo haliliondoi. Langu nililifuta kwa Shift+Delete ili lisipitie Recycle Bin.

Kisha, kwa ruhusa ya mwenye duka, nilifungua chrome://settings/downloads nikawasha "Ask where to save each file before downloading", na sasa kila upakuaji huuliza mahali, nami huchagua flashi yangu moja kwa moja. Hapohapo niliona kuwa mtu alikuwa ameruhusu aina fulani ya mafaili yajifungue yenyewe, jambo la hatari kwa kuwa faili lenye hila hufunguka kabla hujalitazama jina lake, basi nikabofya "Clear" kuliondoa. Mwenye duka, kusema kweli, hakujua lilianza lini.