Boksi la dawa ya presha ya Bibi (gumzo la kikundi: Ukoo wa Uyole)

Gwamaka: Shikamooni wakubwa. [Picha] Hii dawa ya presha ya bibi, amlodipine 5mg, nilimnunulia gulioni kwa jamaa anayeleta mzigo kutoka Tunduma, bei ilikuwa nzuri. Bibi kagoma kumeza, anasema boksi limefunguliwa. Da Tusa we uko famasi hebu angalia

Baba mdogo Ipyana: Marahaba. Mi naona iko poa tu, bakodi inaanza na 890, hiyo India, na dawa za bibi siku zote ni za India. Feki ungeona herufi zimekosewa

Tusa: Shikamoo baba mdogo. 890 kweli ni India ila inasema tu kampuni ilisajilia wapi ile namba, na mtu akiiga boksi anaiga na bakodi yake hapo hapo. Gwamaka hiyo picha ya mbele hainisaidii. Nipigie upande wa boksi wenye bachi namba, halafu toa stripu, geuza upande wa foili upige pale mwisho palipogongwa namba. Zima flashi, mtu akumulikie na tochi kutoka pembeni, zile namba hazina wino zimebonyezwa tu, ukipiga na flashi unapata mng'ao mtupu

Shangazi Tumpe: Jamani na mimi ya kwangu ilikuwa nyeupe mwezi huu nimepewa ya njano, ina maana nayo ni feki??

Tusa: Hapana shangazi shikamoo, kampuni ikibadilika na rangi inaweza kubadilika. Soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa, kama dawa ni ile ile na miligramu ni zile zile hamna shida. Zikitofautiana usimeze, rudi nayo pale pale ulipopewa

Gwamaka: [Picha] [Picha] Boksi linasema B.No AM4217 MFG 09/2024 EXP 08/2027. Stripu mbili nasoma AM2290 EXP 02/2025. Ya tatu imekatwa mwisho haina namba kabisa

Tusa: Haya sasa, bibi alikuwa sahihi. Boksi na stripu vinafungwa pamoja kiwandani, bachi lazima iwe moja na tarehe moja. Hizo stripu muda wake uliisha mwisho wa Februari 2025. Huenda dawa ilitoka kiwandani halali kabisa na boksi ni la kweli, ila mtu kachukua stripu zilizoisha muda akazitia kwenye boksi jipya, ndio maana baba mdogo hukuona kosa lolote kwenye herufi. Hata ukitafuta jina kwenye rejista ya TMDA unaweza kulikuta. Stika ya kwenye mfuniko ikoje?

Gwamaka: Ipo ila imekaa upande, na pembeni yake karatasi imechubuka, kuna gundi inang'aa imevuka mpaka nje ya stika

Tusa: Imebanduliwa ikarudishwa. Boksi lililofunguliwa peke yake lisingenitisha, sisi wenyewe tunafungua tukiuza stripu moja moja. Lakini anayeuza stripu hana haja ya kugundisha tena ionekane haijaguswa

Baba mdogo Ipyana: Mbona mimi dukani wananikatia kila siku na sijawahi kuona namba

Tusa: Waambie wakate upande usio na namba baba mdogo, kipande chenye tarehe ubaki nacho wewe. Wakikataa, waombe wakuonyeshe boksi na kile kipande kilichobaki kabla hujalipa

Mama Gwamaka: Sasa mama ameze nini usiku huu mwanangu, maana kukaa bila dawa siwezi kumwacha

Tusa: Mama mkubwa kama kuna vilivyobaki kwenye boksi la zamani ameze hivyo, soma tarehe kwanza. Asubuhi mumnunulie famasi mdai na risiti, na apimwe presha hapo hapo

Baba mdogo Ipyana: Na huyo jamaa nikamkabe arudishe hela! Ila pengine naye kauziwa hivyo hivyo huko juu

Tusa: Inawezekana, hatujui. Ila msimrudishie boksi, atamuuzia mwingine. TMDA wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, wapelekeeni likiwa na stripu zote, na mueleze mlinunua gulio gani siku gani

Shangazi Tumpe: Na ile stripu isiyo na namba, labda yenyewe ni nzima?

Tusa: Shangazi hiyo hakuna wa kuisema kwa picha, mimi wala yeyote. Kilicho ndani ya kidonge kinajulikana maabara tu. Bibi asiiguse

Gwamaka: Sawa dada, ndaga fijo. Nimeweka vyote kwenye mfuko mmoja. Kesho nianzie kwako au niende ofisini moja kwa moja?

Tusa: Pitia kwangu kwanza, nataka kuiona hiyo gundi kwa macho yangu. Usiibandue stika