Tripu 2 za mchanga zimetoa tofali 330 tu, nimeibiwa au fundi kazidisha?

Mama Kiwanja: Wakuu habari za jioni. Nipo Chanika, nafyatua tofali za inchi 6 hapohapo kiwanjani. Nimeshusha tripu 2 za Fuso, dereva kaniambia kila moja ni kyubiki 5. Fundi alisema nitapata tofali kama 500, zimetoka 330 na mchanga umekwisha. Niendelee kununua kwa tripu, au ninunue tofali zilizokwisha kufyatuliwa, kwa idadi? Usingizi sipati.

Babu Kokoto: Pole mwanangu. Mimi kwenye kokoto nilipigwa hivihivi. Lori lilisheheni ukilitazama kwa nyuma, kumbe mbele kuna shimo la kulala ng'ombe. Tangu siku ile napanda juu mwenyewe.

Mpenda Haki: Watu wanajenga kwa simu halafu wanalia. Simamia mali yako dada.

Kijana wa Pugu: Rahisi tu. Pima lundo lililoshushwa: urefu mara upana mara kimo, unapata kyubiki zako.

Fundi Mstaafu: Kijana, kupima umefanya vizuri kukumbusha, ila lundo limechongoka kama pia. Ukipiga hesabu hiyo utapata karibu mara nne ya mchanga uliopo, na dereva atakushukuru. Pima ndani ya bodi kabla halijamwaga. Mama Kiwanja, ulipima? Na nani aliagiza lori?

Mama Kiwanja: Bodi nilipima kwa tepu tripu ya pili: urefu mita 3.9, upana 2.1, kina sentimita 60. Nikizidisha napata 4.9, kwa hiyo dereva hakusema uongo.

Fundi Mstaafu: Hicho ni kina cha bodi, siyo cha mchanga. Ulichomeka nondo mpaka chini? Na swali la pili hujajibu.

Mama Kiwanja: Lori aliagiza fundi. Na nilishalipia tripu 4 zaidi, laki 6, kwa sababu alisema bei inapanda. Jamani msinishambulie, fundi huyu alimjengea dada yangu, siwezi kumfukuza katikati ya kazi. Nondo sikuchomeka, ila mchanga ulikuwa chini ya ukingo kiasi cha sentimita 15.

Dalali Hapana: Hii chai. Mara kapima, mara hakupima, mara kalipa. Huyu anauza tofali, kesho ataweka namba ya simu. Nani anahesabu mpaka 330?

Mama Kiwanja: Nahesabu kwa sababu fundi namlipa kwa tofali moja moja! Kila jioni naandika kwenye daftari. Siuzi chochote.

Fundi Mstaafu: Tuache hilo, hesabu yake inakubali. Ukitoa hizo sentimita 15 kwenye 60, mchanga ulikuwa na kina cha 45. Hiyo ni 3.7, siyo 5. Tena mchanga ulikuwa umelowa?

Mama Kiwanja: Umelowa kiasi, ukiufinya mkononi unashikana.

Fundi Mstaafu: Basi hapo kuna kingine. Unyevu kidogo huzitenganisha chembe, mchanga ukavimba, hasa ule laini. Chukua ndoo iliyonyooka pande zote, ijaze mchanga huo bila kushindilia, sawazisha, pima kina. Umwage pembeni, tia maji nusu ndoo, urudishe mchanga wote taratibu huku unakoroga, uache utulie. Kama ulikuwa sentimita 30 ukashuka hadi 25, umevimba asilimia 20. Ile 3.7 inabaki kama 3.1 ya mchanga mkavu. Tripu 2 ni 6.2. Mimi kwa inchi 6 napata tofali 50 hivi kwa kyubiki ya mchanga mkavu, basi 310. Wewe umepata 330. Fundi hakukuharibia mchanga. Kama ana chake kwa dereva, hilo sijui.

Kijana wa Pugu: Si anunue kwa uzito basi?

Fundi Mstaafu: Maji nayo yana uzito, utayalipia.

Bibi Mbagala: Mimi nilihamia tofali za idadi. Nikahesabu 1,000 zikishuka, sawa. Kuja kupima, inchi 6 ni inchi 5 na nusu, na ukiinua pembe inabaki mkononi. Kule napo chukua tepu.

Mpenda Haki: Mwambie dereva ajazie tripu 4 zilizobaki.

Mama Kiwanja: Nitampigia, ingawa pesa anayo tayari. Fundi namwacha amalizie.

Mama Kiwanja: Mrejesho. Lori la tatu limefika asubuhi hii. Nimepanda na nondo, nimechomeka mahali sita: katikati 50, pembe za mbele 35. Dereva ameniambia nishuke, anachelewa tripu nyingine. Nimekataa. Bado yupo hapa na fundi, wanaongea pembeni ya lori.