Karakana ya vitanda Tabora: mbao zinazunguka kuliko mafundi, nipange vipi?

Seremala_Isevya: Wakuu, nina karakana hapa Tabora mjini, upana futi 14, urefu futi 24, mlango mmoja upande wa mbele. Natengeneza zaidi vitanda vya 5 kwa 6, vya mninga. Mashine ya kupasua na kuranda iko nyuma, imefungwa kwa boliti kwenye zege, na mbao inapita kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia. Mbao nazo nimezipanga nyuma yake. Katikati tunaunga, mbele kuna vitanda vilivyokamilika. Mbao mpya ikiingia lazima tuhamishe vitanda, na fundi anayeunga asimame apishe. Ya futi 12 haigeuki humo ndani, tumetoboa ukuta ili ncha itokee kwa jirani. Nafikiria kung'oa mashine niigeuzie mlangoni. Mnaonaje?

Kijana_wa_Reli: Kila kitu sogeza ukutani mkuu, katikati pabaki wazi. Mashine, benchi, mbao, vyote ukutani.

Mzee_Msumeno: Mbao na benchi sawa, ila mashine ukiibana ukutani mbao itaingilia wapi? Mashine inahitaji nafasi mbele na nyuma ya kisu, kila upande sawa na urefu wa mti unaoupitisha.

Sasa wewe Isevya, using'oe kitu bado. Swali langu: kwa nini mbao nzima ya futi 12 ifike kwenye mashine?

Seremala_Isevya: Ndivyo tulivyozoea, mzee. Tunaranda kwanza, tunakata baadaye.

Mzee_Msumeno: Hapo ndipo penye kazi. Anza kukata. Mfumbati, ule ubao wa ubavuni, ukate futi 6 na inchi 6, ziada ikiwemo. Mti wa kichwani futi 5 na inchi 3. Jumla futi 11 na inchi 9, vyote vimetoka kwenye mbao moja na inchi 3 zimebaki za njia ya msumeno na ncha zilizopasuka. Kisu chako kikiwa katikati ya futi 14, una futi 7 kila upande. Mfumbati unapita bila kugusa ukuta. Pamebana, lakini unapita, na tundu la jirani unaliziba.

Kwa hiyo mbao zihamie mbele, kwenye vyuma vya ukutani kuanzia mlangoni, zilale, zishikwe kila futi 2 zisipinde. Zikatwe hapo mlangoni, chini ya upenu. Ndani viingie vipande tu, viende kwenye mashine, kisha virudi katikati kuungwa. Halafu usiunge kitanda kizima. Kichwa na miguu unga kwa gundi, mifumbati funga kwa boliti nyumbani kwa mteja. Kimoja tu kisimame mbele cha kuonyesha, vingine viegemee ukutani.

Kabla ya hayo, chora karakana kwenye karatasi ya boksi, ufuate mbao moja kwa kalamu toka inaingia mpaka inatoka kitanda. Mistari inapokatana ndipo watu wanapopishana.

Mama_Chipsi_Ujiji: Samahani, nami nina kibanda cha chipsi. Viazi vibichi viko chini ya meza ya kuuzia, kila nikiinama mteja ananipita. Nivihamishe?

Kijana_wa_Reli: Vihamishe dada, viwe upande wa kumenyea, mezani ubaki na vilivyoiva.

Fundi_Umeme_Kgm: Naongeza moja, mashine isigeuzwe. Mbao ikibanwa na msumeno hurushwa nyuma, kule ilikoingilia. Ukiigeuza ipokee mbao toka mlangoni, mteja aliyesimama pale ndiye atakayeipokea. Ilivyo sasa inapiga ukuta. Anayesukuma asimame pembeni ya mstari huo. Pia ukiigeuza, waya mkubwa utakatiza sakafuni.

Seremala_Isevya: Nashukuru. Ila kuna kabati za futi 7, ubao wake haupiti hapo. Na vanishi nipakie wapi? Ndani vumbi la mbao, nje kiangazi vumbi la barabara.

Mzee_Msumeno: Kwa kabati acha tundu, liwekee kifuniko. Vanishi paka jioni mashine imezimwa, umefagia, umenyunyiza maji sakafuni.

Fundi_Umeme_Kgm: Maji karibu na mota, mzee? Mimi ningening'iniza turubai, nipate chumba kidogo mbele.

Mzee_Msumeno: Turubai likitikiswa ndilo linaloangusha vumbi. Nimepaka hivyo miaka mingi, na mota iko mbali na ninapopakia.

Seremala_Isevya: Nitajaribu yote mawili kwenye stuli kwanza. Mwenye nyumba amekubali vyuma vya ukutani, ila tundu anataka lizibwe. Kabati sijui nitafanyaje.